Usiligawe duka kwa makaratasi

"Mauzo yangu yanakaribia kikomo cha kusajiliwa kodi ya ongezeko la thamani. Jamaa kanishauri nusu ya duka niiandikishe kwa jina la mke wangu, eti huko ni kuepuka kodi, si kukwepa. Kuna ubaya?"

Mkuu, acha kabisa. Nilifanya hivyohivyo, na aliyenishauri alikuwa mhasibu niliyemlipa. Siku mkaguzi wa kodi alipokuja, mhasibu huyo hakupokea simu zangu tena. Bado nina hasira naye.

Kwenye karatasi tulikuwa na biashara mbili. Dukani kulikuwa na stoo moja, droo moja ya pesa na msambazaji mmoja aliyeandika ankara zote kwa jina langu. Mauzo ya "mke wangu" yaliingia kwenye akaunti yangu. Mkaguzi hakuhitaji kunibana. Alijumlisha pesa zilizoingia benki na kwenye simu, akalinganisha na ankara za msambazaji, akaniuliza: mzigo wa mkeo ameununua wapi? Sikuwa na jibu.

Kilichoniumiza zaidi ni hesabu iliyofuata. Tuseme kiwango ni asilimia 20. Kitu umenunua 90, umeuza 120, unajua umepata 30. Watu wa kodi wanahesabu kwamba ndani ya ile 120 mlikuwa na kodi 20, wewe hukuikusanya. Mteja keshaondoka, humdai. Inatoka kwako, unabaki na 10, na pango bado hujalipa. Kodi uliyolipa wakati wa kununua ungeweza kuidai ipunguze deni, ila kwa ankara halali, na mimi nyingi nilikuwa nimezitupa. Juu yake riba na faini. Faini ya udanganyifu ni nzito kuliko ya kukosea, na nchi nyingi zikigundua udanganyifu hurudi nyuma miaka mingi kuliko kawaida.

Kuepuka ni kutumia nafasi ambayo sheria imeiacha wazi: kudai gharama halali zote, au kuchagua utaratibu wa kodi unaokufaa. Kukwepa ni kuficha au kudanganya kilichopo. Kama mkeo ana mtaji wake, mzigo wake, akaunti yake na maamuzi yake, hiyo ni biashara yake kweli, ingawa hata hapo soma kwanza sheria yenu inasemaje kuhusu biashara za watu wa familia moja. Kama jina tu ndilo lake, umedanganya.

Kabla hujasaini chochote, andika mpango wenyewe kwenye barua ya ukurasa mmoja kwa mamlaka ya kodi: nani anamiliki mzigo, pesa zinaingia wapi, kwa nini mmegawana. Ukiona kuna sentensi unataka kuiruka, mpango huo uache. Na huyo jamaa mwambie akuandikie ushauri wake, aweke saini. Wangu alikataa, nami sikushtuka.