Kebo za pawa saplai: kinachoingia si lazima kifae

Fundi, kuna faida gani kulipia zaidi pawa saplai ya kebo za kuchomoa? Umeme wake ni bora?

Hapana, kwa umeme hazitofautiani. Ubora unatokana na kilichomo ndani ya boksi, na kuna pawa saplai nzuri sana ambazo kebo zake zote zimeungwa moja kwa moja. Faida ya kuchomoa ni kwamba unaweka zile unazozihitaji tu, kasha dogo likabaki na nafasi na hewa ikapita. Kama kasha lako ni kubwa na kebo za ziada zina pa kujificha, usijisumbue. Ipo pia aina ya katikati: kebo ya pini 24 ya ubao mama na ile ya prosesa zimeungwa, nyingine ni za kuchomoa. Mimi hupendekeza hiyo, kwa kuwa hakuna kompyuta ya mezani ya kawaida isiyotumia hizo mbili.

Za kuungwa zina jambo moja jema lisilosemwa sana: haiwezekani kuzichanganya na za pawa saplai nyingine. Swali linalofuata linaonyesha kwa nini hilo si dogo.

Nilibadilisha pawa saplai. Ya zamani na mpya zote ni za kuchomoa, za kampuni moja, kwa hiyo niliacha kebo za zamani ndani ya kasha nikachomeka boksi jipya. Zote ziliingia vizuri. Sasa kompyuta haiwaki kabisa, ila nikitoa waya wa hadi diski inawaka. Boksi jipya ni bovu?

Boksi linaelekea kuwa zima, tena linafanya kazi yake: limeona shoti kwenye diski na kukataa kuwaka. Ninachoshuku ni kebo.

Upande wa kebo unaoingia kwenye vifaa, yaani ubao mama, diski na kadi ya michoro, umewekewa kanuni na kila kampuni inaifuata. Upande unaoingia kwenye boksi hauna kanuni ya pamoja. Kila mtengenezaji hupanga pini zake atakavyo, na kampuni moja inaweza kuzipanga tofauti kati ya toleo moja na jingine. Umbo la plagi likifanana, kebo inaingia bila shida, lakini tundu lililokuwa la volti 5 kwenye boksi la zamani linaweza kuwa la volti 12 kwenye jipya.

Diski ya SATA hutumia volti 5 kwa saketi zake na volti 12 kwa mota. Volti 12 zikipita kwenye njia ya 5, kuna daiodi ndogo ya ulinzi karibu na tundu la umeme ambayo hujitoa mhanga. Inaungua na kubaki imeshika shoti, na ndiyo maana kompyuta inakataa kuwaka diski ikiwa imeunganishwa.

Toa kebo zote za zamani leo, hata zile zinazoonekana kufanya kazi, kisha weka zilizokuja na boksi jipya. Usiirudishe diski ile kujaribu bahati. Ikiwa ni diski ya sahani zinazozunguka na daiodi peke yake ndiyo iliyoungua, fundi wa vifaa vya elektroniki anaweza kuiondoa na diski ikasomeka tena. Itakuwa haina kinga, hivyo nakili mafaili yako kisha uistaafishe. Kwa SSD matumaini ni madogo zaidi, kwa sababu chipu zake mara nyingi huenda pamoja na daiodi.

Ukitaka kuhakikisha kwamba kebo ndiyo yenye kosa, au una kebo usiyojua ilikotoka, ipime kabla ya kuipa kifaa chochote. Iache ikining'inia bila diski, washa kompyuta, weka mita kwenye volti za DC. Kebo za siku hizi huwa nyeusi zote, kwa hiyo rangi haitakusaidia. Fuata mpangilio: kichwa cha SATA chenye nyaya tano kina volti 5 kwenye waya wa katikati, pande zake mbili ni nyaya za ardhi, na ncha moja ni 12 huku nyingine ikiwa 3.3. Katikati inatakiwa usome kati ya 4.75 na 5.25. Ukisoma 12 pale, umempata mhalifu. Tumia ncha nyembamba na uwe makini isigusanishe miguu miwili kwa mpigo.

Kichwa cha pini 8 cha prosesa na cha kadi ya michoro naona ni kilekile. Naweza kutumia chochote kilicho karibu?

Usithubutu. Cha prosesa kina nyaya nne za volti 12 na nne za ardhi, nacho hugawanyika 4+4. Cha kadi kina tatu za volti 12 na tano za ardhi, nacho hugawanyika 6+2. Zaidi ya hapo, pande zimegeuzwa: kwenye cha prosesa volti 12 ziko upande wenye kishikizo, kwenye cha kadi upande huo ni wa ardhi. Ukikilazimisha unaunganisha volti 12 moja kwa moja na ardhi. Pini zina kona za mraba na za mviringo ili kukuzuia, ila plastiki hulegea mbele ya mtu mwenye haraka. Soma maandishi ya kichwani: `CPU` au `PCIe`.

Kadi yangu ina matundu mawili ya pini 8. Kebo moja ya pawa saplai ina vichwa viwili. Inatosha?

Itawaka, lakini kama boksi lina kebo ya pili, itumie. Tuseme kadi inakula wati 300. Nafasi yake kwenye ubao mama inaweza kuipa hadi 75, hivyo 225 zinabaki kwa kebo. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 18.75. Zikipita kwenye kebo moja, nyaya zake tatu zinabeba karibu ampea 6.25 kila mmoja. Kwa kebo mbili kila waya unabeba kama 3.1. Joto la waya hufuata mraba wa mkondo, kwa hiyo kupunguza mkondo nusu kunapunguza joto la kila waya hadi robo. Kwa kadi ya wati 150 sitakusumbua na hesabu hii.

Kadi kubwa za karibuni zina tundu moja dogo la pini 16, lililoandikwa `12VHPWR` au `12V-2x6`, linaloweza kupitisha hadi wati 600. Hilo lisukume mpaka isionekane nafasi yoyote, na usiikunje kebo karibu na kichwa. Likiingia nusu, linapata joto na plastiki inayeyuka.

Nimenunua SSD ya M.2 na sioni kebo yake ya umeme kwenye boksi.

Haina. Inapata umeme na data kupitia tundu lake kwenye ubao mama. Ifunge kwa skrubu yake, basi.