Kugeuza mkeka mechi ikiendelea: inalipa?

"Wakuu, niko Moshi. Niliweka 10,000 timu ya ugenini kwa odi 4.00, inaongoza dakika ya 70. Nicheze upande wa pili nifunge faida? Huwa nafanya hivi kila wiki."

Mkuu, inawezekana, ila piga hesabu kwanza. Mkeka wako ukishinda unalipa 40,000. Tuseme 1X (mwenyeji ashinde au sare) sasa ina odi 2.50. Gawanya 40,000 kwa 2.50, unapata 16,000. Ukiiweka hiyo, matokeo yoyote yanakulipa 40,000. Toa 26,000 ulizotumia, unabaki na 14,000.

Sasa angalia upande wako: kama ugenini ina 1.50, jumlisha 1/1.50 na 1/2.50. Inatoka kama 1.067. Hiyo ziada juu ya 1 ni ya kampuni. Bila ziada hiyo 1X ingekuwa 2.67, ungeweka 15,000 na kubaki na 15,000. Umelipa 1,000 kununua utulivu, na kila wiki unalipa tena, juu ya makato uliyokwisha kubeba kwenye mkeka wa kwanza. Kodi nayo hukatwa kwenye mkeka ulioshinda. Uliopotea haukupunguzii kitu.

Mimi ningegeuza pale tu hela hiyo ikinibana. Ukitaka kukomboa mtaji tu, 7,000 hivi zinatosha kabla ya kodi. Odi ikibadilika kabla mkeka haujakubaliwa, usithibitishe; piga hesabu upya. Na kama hiyo 16,000 ni ya mkopo wa simu, acha kabisa. Ukishindwa kuacha, nenda Hospitali ya Mawenzi uulizie mtaalamu wa afya ya akili.