Mzee akizimia baada ya chai, pima presha kabla hujakimbilia soda

Baba yangu ana miaka 78, tunakaa naye hapa Uyole, Mbeya, na mwaka jana kipindi kile cha baridi ya mwezi wa sita na wa saba alianguka mara tatu, zote asubuhi, zote baada ya kunywa chai. Ya tatu ndo ilitutisha, aliinuka aende chooni, akafika kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akasema "mbona giza" halafu tukasikia kishindo tu. Alipasuka juu ya jicho, nyuzi nne.

Mwanzoni tulilaumu jiko la mkaa kwa sababu alikuwa anakula kalisogeza miguuni na mlango umefungwa, na ni kweli moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua, kwa hiyo tukalitoa na hatukulirudisha. Akaanguka tena. Jirani akasema sukari imeshuka, akamletea soda, mzee akainywa yote na akabaki na kizunguzungu karibu saa nzima. Hospitali walimpima asubuhi akiwa hajala kitu, presha ikasoma 150 kwa 84, wakasema presha iko juu ndo maana anaanguka, wakamuongezea dozi ya dawa ya presha. Ile kuanguka ya tatu ilikuja wiki moja baada ya hapo.

Aliyetufungua macho ni daktari mwingine tuliyempelekea, hata kabla hajagusa mashine alimuuliza, "Shikamoo mzee, ukianguka unakuwa umetoka kula muda gani?" Baba akajibu kama nusu saa hivi, saa ingine zaidi kidogo. Daktari akasema turudi nyumbani tukampime wenyewe kwa saa ya chakula, sio kwa saa ya kliniki.

Kesho yake nikafanya hivi, na wewe unaweza kufanya hivihivi kwa mzee wako kama una mashine ya presha ya kufunga mkononi. Akakaa ametulia dakika tano, mkono juu ya meza usawa wa moyo, nikapima kabla hajala, 146. Akameza dawa zake kama kawaida, akala chai yake ile ya siku zote, kikombe kikubwa cha moto chenye sukari vijiko vitatu, maandazi matatu na kiazi kitamu. Alipomaliza nikaanza kuhesabu, kila dakika 15, amekaa palepale, mkono uleule. Dakika 15 ikawa 131, dakika 30 ikawa 117, dakika 45 ikawa 103, na hapo akaniambia mwenyewe kichwa chepesi na macho mazito kama usingizi. Saa moja 107, saa moja na nusu 124, saa mbili 138. Hizo zote ni namba ya juu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya saa mbili tangu kula, hiyo ndo presha ya kushuka baada ya chakula, na baba alishuka 43. Sasa fikiria mtu mwenye 103 aliyezoea 146 anainuka ghafla kwenda chooni kwenye baridi.

Nilivyoelezwa ni kwamba ukila, damu nyingi inakwenda tumboni kusaga chakula. Kwa kijana moyo unaongeza kasi na mishipa ya sehemu zingine inajikaza, presha inabaki ilipo na hujui kama kuna kitu kimetokea. Kwa mzee ile mishipa ya fahamu inayotoa amri hiyo imechelewa, hasa akiwa na presha ya kupanda ya miaka mingi, kisukari cha muda mrefu au ule ugonjwa wa kutetemeka wa Pakinsoni. Kumbe mtu anaweza kuwa na presha ya kupanda na bado akazimia kwa presha kushuka, ni mtu yuleyule, ni saa tofauti tu. Na chakula kinachoshusha zaidi ni cha wanga mwepesi na sukari, kikiwa kingi na cha moto, yaani chai ya baba kabisa. Ndo maana ile soda haikumsaidia, ni sukari juu ya sukari. Ila kama mzee wako anatumia dawa za kisukari hiyo ni habari nyingine, mpime sukari kwanza, ikiwa imeshuka kweli mpe kitu cha sukari.

Tulichobadilisha kwanza ni maji. Kama robo saa kabla ya kula anakunywa glasi mbili za maji ya kawaida, karibu nusu lita, na hili peke yake lilileta tofauti ambayo sikuitegemea, siku ya kwanza ile namba ya juu iliposhuka sana iliishia 119. Lakini kama mzee ameambiwa moyo au figo hazifanyi kazi vizuri usimnyweshe maji yote hayo mpaka daktari aseme kiasi.

Halafu chakula. Hatukumnyima, tulikigawa. Saa moja anakunywa chai isiyo na sukari, imepoa kidogo, na yai na nusu parachichi, saa nne ndo anapata kiazi chake. Mchana ugali umekuwa mdogo na maharage yamekuwa mengi, na maharage hapa Mbeya sio kitu cha kutafuta. Mama alilalamika kwamba mgeni akija ataona mzee anapunjwa, mpaka alipokaa na mimi akaona mashine inavyosoma. Pombe na chakula pamoja hapana kabisa, inafungua mishipa wakati ambao unataka ijikaze.

Dawa ndo sehemu ya kuwa makini. Baba alikuwa anameza dawa zote za presha pamoja na ile ya kukojoza palepale mezani. Daktari alipoona karatasi yangu ya namba aliondoa ile dozi iliyoongezwa na akahamisha muda wa kumeza, mbali na chai. Usihamishe mwenyewe na usimwachishe dawa, presha ya kupanda nayo inaleta kiharusi, peleka namba zako umuonyeshe.

Na lile saa moja baada ya kula tumelifanya la kukaa. Chooni anakwenda kabla ya kula. Anakaa kwenye kochi miguu juu ya kigoda, akitaka kuinuka anachezesha vifundo vya miguu kwanza, anakaza mapaja, anasimama ameshika kiti anahesabu mpaka thelathini ndo anatembea. Akiona giza anakaa chini hapohapo hata kama ni kwenye vumbi.

Akizimia, mlaze chali, inua miguu yake, usimsimamishe wala kumkalisha, na usimtie chochote mdomoni. Wengi wanazinduka ndani ya dakika moja. Asipozinduka haraka, au mdomo umepinda, maneno hayaeleweki, kifua kinauma, amegonga kichwa, au anapata choo cheusi, hiyo ni hospitali muda huohuo, usianze kufikiria habari ya chakula.

Jumapili iliyopita tulikuwa kwenye kipaimara, akaletewa sahani ya pilau imejaa na soda, watu wanamsubiri asimame atoe neno. Nilimsogelea nikamwambia baba, neno toa kwanza. Akasimama akaongea dakika zake kumi, akanywa maji, akala nusu ya sahani, na nilipompima baada ya dakika 45 ilikuwa 121, amekaa anapiga stori na wenzake.