Kugawa wateja wa duka la vyakula: mpaka uwekwe wapi?

*Swali: Nina duka dogo la vyakula mtaani na mauzo nayaandika kwenye daftari. Nataka kuwagawa wateja kwa mara wanazokuja na ukubwa wa manunuzi yao. Nitajuaje nani aitwe wa mara kwa mara, na nani mnunuzi mkubwa?*

Ndugu, mpaka huo utoe kwenye daftari lako mwenyewe, kwa sababu kiwango kinachofaa duka moja hakifai jingine. Mimi hutumia kipindi cha wiki 8. Kipindi cha wiki mbili humkosa anayenunua kwa mwezi mara moja, ilhali kipindi cha mwaka mzima huwachanganya waliokwisha kuhama na wale ambao bado wanakuja.

Kabla ya hesabu yoyote, amua mteja ni nani. Mimi huhesabu kaya, si mtu, kwa kuwa leo anakuja mama, kesho mtoto aliyetumwa, na keshokutwa baba anapita akitoka kazini. Ukiwaandika mbalimbali, kaya moja nzuri itaonekana kama wateja watatu dhaifu. Vilevile hesabu siku walizonunua, wala si kila mara walipofika, maana anayerudi baada ya dakika chache kwa kitu alichosahau bado yumo katika manunuzi yaleyale.

Kwa ukubwa wa manunuzi, jumlisha ya kila siku kisha tafuta mediani ya kaya hiyo, yaani kiasi kinachoangukia katikati ukiyapanga kutoka dogo hadi kubwa. Kaya iliyonunua 4, 5, 5, 6 na siku moja ya sherehe 60 ina wastani wa 16, kiasi ambacho haikukikaribia siku yoyote, lakini mediani yake ni 5, nayo ndiyo tabia yake halisi. Ukishapata namba mbili za kila kaya, mpaka wa duka ni mediani ya kaya zote kwa kila kipimo. Usiutoe kwenye manunuzi yote yakiwa yamechanganywa, kwa sababu wanaokuja kila siku wana mistari mingi daftarini na watauteremsha mpaka huo.

Hapo unapata makundi manne, na mawili kati yake, wanaokuja mara nyingi kwa manunuzi madogo na wanaokuja mara chache kwa manunuzi makubwa, ndiyo yanayohitaji kufikiriwa sana. Tuseme kaya ya kwanza ilinunua katika siku 40, kila siku 5, jumla 200. Kaya ya pili ilinunua katika siku 4, kila siku 45, jumla 180. Wenye maduka wengi humkumbuka huyu wa pili kama mteja mkubwa, ingawa wa kwanza ndiye aliyeacha fedha nyingi zaidi. Kuwahudumia kwao pia ni tofauti. Wa pili akikosa bidhaa siku yake na kwenda kwingine, umepoteza robo ya mauzo yake ya kipindi kizima, kwa hiyo duka liwe limejaa kabla hajafika. Wa kwanza anataka vipimo vidogo visivyokosekana. Kumpunguzia bei ya mfuko mkubwa hakumsaidii ikiwa kipato chake ni cha kutwa, na kwa maoni yangu kumlazimisha ahamie kundi la wanunuzi wakubwa ni kazi bure.

Aliyeanza kuja wiki ya sita usimpime kwa wiki 8, la sivyo utamwita mteja adimu kwa sababu tu ni mgeni. Muweke kando hadi atimize wiki nne, kisha linganisha siku kwa wiki. Na kaya iliyo karibu kabisa na mpaka usiihamishe hadi ivuke katika hesabu mbili mfululizo, maana tofauti ya siku moja yaweza kuwa bahati tu.

Kuna mtego katika daftari lenyewe: wanaokopa huandikwa vizuri, wanaolipa taslimu mara nyingi hawaandikwi majina. Linganisha jumla ya mauzo yenye majina na mauzo yote ya duka. Yakiwa chini ya nusu, makundi yako yanaeleza wakopaji zaidi kuliko wateja wako kwa jumla. Dawa yake ni kuwaandika pia wa taslimu unaowafahamu, hata kwa alama fupi, katika kipindi kinachofuata.

Mwisho, kumjua anayeanza kuondoka, usitumie idadi moja ya siku kwa wote. Angalia pengo refu zaidi ambalo kaya hiyo ilikuwa nalo ndani ya wiki 8. Kwa yule wa siku 4, kimya cha siku 10 ni kawaida. Kwa yule wa siku 40 ambaye hajawahi kupitisha siku 3, siku ya tano ukimwona mtoto wake akipita, ulizia hali ya nyumbani kwao.