Nywele za afro, ukuta wa buluu na bajaji ya njano: kukata kwa chaneli

Tuseme unataka kumkata dada mwenye afro kutoka kwenye mandhari ya picha. Nyuma yake kushoto kuna ukuta wa buluu wenye matangazo, kulia bajaji ya njano. Kalamu ya Photoshop haiwezi kufuata nywele moja moja, lakini chaneli zinaweza, kwa sababu kila chaneli ni picha ya kijivu inayoonyesha rangi moja ina nguvu kiasi gani.

Katika Photoshop fungua paneli ya Channels, ubonyeze Red, Green na Blue kwa zamu. Usitazame uso, tazama ncha za nywele. Kwenye Blue ukuta unang'aa na nywele zinabaki nyeusi, ila bajaji nayo imekuwa nyeusi, kwani njano haina buluu. Kwenye Red mambo yanageuka: bajaji inang'aa, ukuta unafifia. Hapo ndipo wengi hukwama wakitafuta chaneli moja ya kumaliza kazi yote. Haipo.

Buruta Blue hadi alama ya chaneli mpya ili upate Blue copy, ufanye vivyo hivyo kwa Red. Usiguse chaneli zenyewe. Ukipaka nyeusi kwenye Blue halisi, picha inageuka njano. Kwenye Red copy zungushia upande wa bajaji kwa Lasso, bonyeza Ctrl+C, kisha nenda Blue copy na ubonyeze Ctrl+V kabla hujaondoa alama za uteuzi.

Sasa bonyeza Ctrl+D kuondoa alama hizo, kisha Ctrl+L kufungua Levels. Kama nywele ziko karibu na 30 na ukuta karibu na 170, weka kitelezi cheusi 50 na cheupe 150, uanzie hapo. Usivisogeze hadi vikutane: kijivu cha pembeni ndicho kinachobeba nywele nyembamba, na kikiisha afro inakuwa kama imekatwa kwa mkasi butu. Madoa ya matangazo yaliyobaki yafute kwa Dodge, Range ikiwa Highlights, Exposure 15%. Inagusa zaidi palipo peupe na kuziacha nywele. Uso na nguo vipake vyeusi kwa brashi ya kawaida, mbali na ncha.

Bonyeza Ctrl+I ili mtu awe mweupe, shika Ctrl ubonyeze kijipicha cha chaneli, rudi Ctrl+2, chagua leya na uongeze maski.

Ukiona miraba midogo kwenye ncha, lawama ni ya JPEG: hubana taarifa za rangi kuliko za mwanga, na Blue ndiyo huumia zaidi. Picha iliyopitia WhatsApp ni mbaya kupindukia. Omba faili asili.

Mwisho, ncha zitabaki na ubuluu wa ukuta. Weka leya tupu juu, ibane kwa Ctrl+Alt+G, badilisha Blend Mode yake iwe Color, kisha chota rangi ya nywele zenyewe na upitishe brashi pembeni.