Kutoka Jela hadi Tumeuliza: jina la jarida la shule

*"Mimi ni mlezi wa chama cha uanahabari shuleni, hapa Kakamega. Tunaanza jarida la kurasa nane. Wanafunzi wanataka liitwe Mwanga wa Maarifa, naibu wa mwalimu mkuu anataka jina la shule liwe ndani. Nataka jina linaloeleza kazi yetu na likae vizuri kwa herufi nene ukurasa wa kwanza. Nianzie wapi?"*

Mwalimu, anzia kwa kitenzi. Waambie watoto wamalizie sentensi hii, "Jarida letu hu...", kwa neno moja. Huangaza? Hilo hata kanisa na duka la vitabu hufanya, ndiyo maana Mwanga wa Maarifa haliniambii nitakuta nini nikifungua.

Nasema hivyo kwa sababu nilishachomeka. Shule niliyokuwa hapa Kisumu, kamati ya walimu ilikaa mchana mzima ikatoka na "Jarida la Elimu, Lugha na Adabu". Kila mwalimu alikuwa amepata neno lake. Jina lilikuwa refu, kwa hiyo kijana aliyepanga ukurasa akaikuza herufi ya kwanza ya kila neno kuu ili angalau pawe na kitu kinene. Tulichapa nakala zote ndipo msichana wa kidato cha pili akasoma kwa sauti: J, E, L, A. Tangu siku hiyo ikawa "Jela imetoka?" na "Mimi nimefungwa ukurasa wa tatu." Hata mpishi alijua.

Lakini hata bila Jela, jina lile lisingefaa. Lipime kwa rula. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Ukiacha 15 kila upande, unabaki na 180. Kwa `Arial Bold`, herufi kubwa tupu, jina letu lile lilienea mstari mmoja kwa pointi 27 tu, yaani herufi za kimo cha milimita 7 hivi. Habari kuu chini yake tuliiweka pointi 48. Mtu akitazama anaona habari inapiga kelele na jarida lenyewe linanong'ona. Mwanga wa Maarifa lenu litafika kama pointi 44, na bado litazidiwa na kichwa hicho cha habari.

Muhula uliofuata niliwaachia wanafunzi. Mmoja alisema, "Mwalimu, sisi kazi yetu si kuuliza tu? Maji yalikatika, tukauliza. Basi la shule, tukauliza." Likazaliwa TUMEULIZA. Herufi tisa, neno moja, pointi 88, kimo cha milimita 22. Uzuri wake hasa ni kwamba linasomeka pamoja na habari iliyo chini yake: TUMEULIZA, kisha "Maji yatarudi lini bwenini?" Na kwa herufi ndogo pia halina mkia unaoning'inia kama wa g, j au y, kwa hiyo kichwa cha habari kinasogea karibu bila kugongana nalo. (Jina lenye ng' ningelikwepa. Ile alama ya juu, kwa herufi nene, huacha pengo kama jino lililong'oka.)

Neno moja kubeba kazi nzima si jambo geni kwetu. Mwaka 1928 chama cha siasa cha Kikuyu Central Association kilikuwa na gazeti la Kikuyu lililohaririwa na Kenyatta, likiitwa Muigwithania, yaani mpatanishi. Msomaji alijua limekuja kufanya nini kabla hajafika kwenye habari ya kwanza.

Naibu wako usigombane naye. Jina la shule liweke mstari mwembamba chini, pointi 12, pamoja na toleo, muhula na bei. Hapo ndipo pia pa kuandika maelezo mafupi. Sisi tuliweka "Maswali ya wanafunzi, majibu ya wahusika".

Kama mnachapa kwa riso, ile mashine ya kuchapia mitihani, msiweke jina jeupe juu ya ukanda mweusi. Tulijaribu. Wino mwingi ukingoni mwa karatasi ulifanya kurasa zing'ang'anie mashine, na zilizotoka zilikuwa na madoa mgongoni. Herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe zinatosha.

Kabla hujaamua, chapa majina mawili matatu kwa ukubwa kamili, kila moja na habari halisi chini yake, ubandike kwenye ubao wa matangazo, urudi nyuma hatua sita. Halafu andika herufi za kwanza za kila jina kwenye karatasi nyingine, umpe mtoto mtundu kuliko wote darasani azisome.

Na muulize mwalimu mkuu mapema kama atayavumilia maswali yenu. Tumeuliza lilitudai swali kila toleo. Muhula tulioambiwa tusiguse habari ya chakula, ukurasa wa kwanza ulibeba picha ya mechi, na ubaoni mtu akaongeza kwa kalamu: "... nani?"