Zamu ipo ila wanaongea wale wale

"Tunapokezana kuongoza kikao lakini wanaoongea ni wale wale wawili, tufanyeje?"

Angalia mnavyofungua. Kiongozi akiuliza "nani ana maoni?" mwenye kasi anadaka, kwahiyo anzeni na raundi, kila mtu dakika 2 bila kukatizwa, asiye tayari apite ila arudiwe mwishoni, na saa ashike mtu mwingine maana kiongozi akiikodolea macho hasikilizi tena. Mkifika 15 raundi tu inakula nusu saa, hapo gaweni makundi mawili. Halafu yule anayeijua mada sana msimpe zamu ya kuongoza siku hiyo, atageuza kikao kiwe darasa, asubiri raundi iishe ndo ajibu maswali. Kura inafaa kuchagua mada, kwa hili sidhani kama itasaidia.